Kumtafuta Kakakuona Bila Kurudi Nyuma

Kakakuona, yule mnyama wa magamba anayekula mchwa na kujiviringisha akishtuka, ana jina lenye mtego kwa kompyuta. Jina hilo lina herufi 9, na mwanzo wake unajirudia: ka, kisha ka, kisha ku. Tuseme mtu ameandika haraka, silabi moja ikazidi, na kwenye matini pakatokea kakakakuona. Msomaji akitazama vizuri ataliona jina zima limo humo, kuanzia herufi ya 3 hadi ya 11. Programu iliyoandikwa kwa pupa hailioni kabisa.

Sababu yake ni hii. Programu hiyo inasoma k, a, k, a, k, na zote tano zinalingana na mwanzo wa neno linalotafutwa. Inafika herufi ya 6 ikitarajia u, inakuta a. Inaona imekosea njia, inafuta kila ilichokwisha kulinganisha na kuanza upya kutoka hapo ilipo. Lakini kakakuona wa kweli alianzia herufi ya 3, ambayo tayari imepitwa. Programu inafika mwisho wa matini na kutangaza kwamba neno halimo. Hakuna ujumbe wa hitilafu wala ishara yoyote, ni jibu lisilo la kweli tu.

Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kurudi nyuma. Ikikwama, programu irudi herufi ya 2 na kujaribu tena. Ikishindikana, herufi ya 3, na kuendelea hivyo. Njia hii haikosei. Tatizo lake ni gharama. Matini yenye herufi a milioni 1 mfululizo, ikitafutwa ndani yake neno lenye herufi a 999 na b moja mwishoni, itadai ulinganishaji karibu bilioni 1, kwa sababu kila mahali programu inasonga mbele karibu neno zima ndipo ikwame. Tena kurudi nyuma kunahitaji herufi zilizopita ziwe bado zipo. Kama matini inaingia kwa mfululizo kutoka kwenye mtandao au kifaa fulani, lazima sehemu yake ihifadhiwe pembeni kwa ajili hiyo tu.

Ipo njia ya tatu, inayosoma kila herufi mara moja tu, haigeuki nyuma, na haikosi neno. Njia hiyo ni otomata.

Otomata ya kutafuta neno ni jedwali pamoja na namba moja. Namba hiyo huitwa hali, nayo hujibu swali moja: katika herufi zilizosomwa mpaka sasa, mkia mrefu kuliko yote ambao pia ni mwanzo wa neno linalotafutwa una herufi ngapi? Kwa kakakuona, hali zinaanzia 0, maana yake hakuna kinacholingana, hadi 9, maana yake neno zima limepatikana. Jedwali nalo linasema: ukiwa katika hali hii, ukasoma herufi hii, nenda hali ile. Herufi zisizomo katika neno, kama m au s, daima hurudisha hali kwenye 0, kwa hiyo jedwali linatosha kuwa na safu tano:

```
hali  k a u o n
0     1 0 0 0 0
1     1 2 0 0 0
2     3 0 0 0 0
3     1 4 0 0 0
4     5 0 0 0 0
5     1 4 6 0 0
6     1 0 0 7 0
7     1 0 0 0 8
8     1 9 0 0 0
9     1 0 0 0 0
```

Jedwali hili likipewa kakakakuona, hali inapanda 1, 2, 3, 4, 5. Herufi ya 6 ni a. Katika mstari wa hali ya 5, chini ya a, pameandikwa 4. Hali inashuka kutoka 5 hadi 4, haiangukii 0. Kisha k inaipeleka 5, u inaipeleka 6, halafu 7, 8, na 9. Kakakuona amepatikana, na kila herufi kati ya zile 11 imesomwa mara moja.

Kisanduku hicho kimoja chenye 4 ndicho kiini cha jambo lote. Kuwa katika hali ya 5 ni kujua kwa hakika kwamba herufi tano za mwisho zilikuwa kakak. Ikija a, herufi sita za mwisho ni kakaka. Mkia wake mrefu zaidi unaoweza kuwa mwanzo wa kakakuona ni kaka, wenye herufi 4. Programu haihitaji kurudi kwenye matini kuangalia, kwa kuwa inachotaka kukijua kimeshahifadhiwa ndani ya namba ya hali.

Swali linalobaki ni jinsi ya kulijaza jedwali. Kwa neno fupi, mtu anaweza kukaa na kalamu na kuuliza swali la mkia kwa kila kisanduku. Kompyuta nayo inaweza kufanya hivyo, kwa kujaribu kila mkia na kuulinganisha na mwanzo, herufi kwa herufi. Lakini kazi hiyo hukua kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha urefu wa neno, ikizidishwa na idadi ya herufi za alfabeti. Kwa neno la herufi 9 hakuna atakayesikia uzito. Kwa mfuatano wa herufi 1,000, kama inavyotokea katika utafutaji wa vinasaba, kulitengeneza jedwali kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko utafutaji wenyewe.

Njia nyepesi inapatikana kwa kurudi kwenye ile dawa ya kwanza na kuitazama kwa makini. Programu imekwama katika hali ya 5. Kama ingerudi nyuma kwa uaminifu, ingeanza tena na herufi ya pili ya zile ilizolinganisha. Ingesoma a, k, a, k, kisha herufi mpya iliyoikwamisha. Ila herufi hizo nne si siri: ni herufi za neno lenyewe, kuanzia ya pili hadi ya tano. Kwa hiyo inawezekana kujua kabla ya kuona matini yoyote kwamba otomata ikianza kwenye 0 na kusoma akak itaishia wapi. Inapita 0, 1, 2, 3. Inaishia hali ya 3.

Basi, hali ya 5 inapokutana na herufi isiyoitarajia, inafanya kile ambacho hali ya 3 ingefanya. Mstari wa 5 ni nakala ya mstari wa 3, isipokuwa kisanduku kimoja, kile cha u, ambamo panaandikwa 6. Mistari hiyo miwili ikiwekwa pamoja, jambo hilo linaonekana wazi: 1 4 0 0 0 juu, 1 4 6 0 0 chini.

Kanuni hiyo inafanya kazi kwa kila mstari. Mjenzi wa jedwali anahitaji kushika namba moja ya pembeni, iitwe x, inayoonyesha mahali ambapo otomata ingekuwa kama ingesoma neno bila herufi yake ya kwanza. Kwa kila hali mpya, anunakili mstari wa x, aandike juu yake kisanduku kimoja cha herufi inayotarajiwa, kisha aisogeze x kwa herufi hiyohiyo. Kwa lugha ya Python kazi yote ni hii:

```python
def jedwali(neno, herufi):
    d = [dict.fromkeys(herufi, 0)]
    d[0][neno[0]] = 1
    x = 0
    for j in range(1, len(neno)):
        d.append(dict(d[x]))
        d[j][neno[j]] = j + 1
        x = d[x][neno[j]]
    d.append(dict(d[x]))
    return d
```

Jedwali linajijenga kwa kujitumia lenyewe. Mstari wa x huwa umekwisha kujazwa kila unapohitajika, kwa sababu x daima iko nyuma ya j. Anayefuatilia kakakuona kwa mkono ataona x ikianza 0 katika hali ya 1, ikabaki 0 katika hali ya 2, ikapanda hadi 1 katika hali ya 3, 2 katika hali ya 4, na 3 katika hali ya 5. Ikifika u, inaporomoka hadi 0, kwa sababu hali ya 3 haina habari na u. Kuanzia hapo haiinuki tena, maana katika o, n na a za mwisho hakuna kinachoanza na k.

Sasa mtu azitupe nakala zote za mistari na abaki na thamani za x peke yake: 0, 0, 1, 2, 3, 0, 0, 0, 0. Orodha hiyo ya namba 9 ndiyo inayoitwa kitendakazi cha kukwama. Kwa kila hali, inataja urefu wa mwanzo mrefu zaidi ambao pia ni mkia wa herufi zilizolingana, bila kuhesabu zile herufi zote kwa ujumla wake. Kwa kakak jibu ni 3, kwa sababu kak imo mwanzoni na imo mwishoni.

Kwa hiyo jedwali la otomata na kitendakazi cha kukwama vina habari ileile. Katika jedwali, mstari wa 3 umenakiliwa ndani ya mstari wa 5. Katika kitendakazi cha kukwama, mahali pa nakala pameandikwa tu: tazama mstari wa 3. Anayetumia jedwali hupata jibu kwa hatua moja. Anayetumia orodha fupi huifuata ile anwani, na akikwama huko tena hufuata anwani inayofuata, mpaka apate hali inayoikubali herufi yake au afike 0.

Tofauti hiyo inaonekana katika historia ya njia yenyewe. Mwaka 1969 James Morris alikuwa akiandika programu ya kuhariri matini kwa kompyuta ya CDC 6400 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hakutaka programu yake irudi nyuma kwenye matini, akabuni njia ya kulikwepa hilo. Wenzake hawakuielewa, na baada ya miezi kadhaa akakuta imerekebishwa mpaka ikaharibika.

Wakati huohuo Donald Knuth, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa akipitia kazi ya Stephen Cook juu ya aina fulani ya mashine za kinadharia. Nadharia ya Cook ilihakikisha kwamba tatizo kama la kutafuta neno lina suluhisho la haraka, bila kulionyesha waziwazi. Knuth alifuata hatua za mashine hiyo moja baada ya nyingine hadi akaipata njia yenyewe. Alimwonyesha Vaughan Pratt, naye Pratt akaubadili mpangilio wa data ili muda wa kazi usitegemee tena ukubwa wa alfabeti. Pratt alipomweleza Morris, Morris aliitambua njia yake mwenyewe. Watatu hao walichapisha makala yao ya pamoja mwaka 1977, na njia hiyo inajulikana mpaka leo kwa herufi za kwanza za majina yao, KMP.

Marekebisho ya Pratt yana uzito kuliko yanavyosikika. Jedwali la kakakuona lenye hali 10, likijengwa kwa baiti zote 256, lina visanduku 2,560. Likijengwa kwa nafasi zote za Unikodi, ambazo ni 1,114,112, visanduku vinazidi milioni 11 kwa ajili ya neno moja la herufi 9. Kitendakazi cha kukwama kinabaki na namba 9, hata matini ikiwa ya Kichina au ya Kiarabu.

Mtu anaweza kuhofia kwamba kuokoa nafasi kunalipwa kwa muda, kwa kuwa herufi moja yaweza kusababisha mfululizo wa mirudio. Hofu hiyo ina ukweli kwa herufi mojamoja. Katika neno kakakakaka, aliye hali ya 9 akisoma s atashuka hadi 7, 5, 3, 1, kisha 0. Lakini kwa matini nzima hesabu inatulia. Kila herufi ya matini inaweza kupandisha hali kwa 1 tu, na kila mrudio unaishusha kwa 1 au zaidi. Hali haiwezi kushuka mara nyingi kuliko ilivyopanda. Matini ya herufi milioni 1 haitadai zaidi ya ulinganishaji milioni 2, neno liwe lolote. Ile kazi ya bilioni 1 iliyotajwa mwanzoni imeyeyuka.

Hata kule kushuka ngazi kwa ngazi kunaweza kupunguzwa. Katika kakakuona, hali ya 3 inatarajia a, na namba yake ya kukwama ni 1, ambayo nayo inatarajia a. Kama herufi iliyokuja si a, kwenda hali ya 1 ni kupoteza muda, maana itakataliwa kwa sababu ileile. Makala ya 1977 inaruka hatua kama hizo kabla utafutaji haujaanza: hali ya 3 inaelekezwa moja kwa moja kwenye 0.

Pamoja na uzuri huo, wenye kuandika programu hizi huteleza mahali pamoja mara kwa mara, nako ni baada ya neno kupatikana. Wakifika hali ya mwisho, wanairudisha hali kwenye 0 na kuendelea. Kwa kakakuona hakuna madhara, kwa sababu namba yake ya kukwama ya mwisho ni 0. Kwa neno kaka mambo ni mengine. Katika mfuatano kakakakaka, kaka imo mara 4, kuanzia herufi ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Programu inayorudi 0 inahesabu 2 tu. Baada ya kuipata kaka, hali sahihi ya kuendelea nayo ni 2, kwa kuwa ka ya mwisho tayari ni mwanzo wa kaka nyingine. Ndiyo maana ile programu fupi inaongeza mstari mmoja baada ya mzunguko kwisha. Mstari huo ni wa hali ya mwisho, nao unanakiliwa kutoka x kama mingine.

Utelezi wa pili haumo katika otomata bali katika herufi zinazoingizwa. Neno ng'ombe huandikwa kwenye baadhi ya kompyuta kwa ritifaa iliyonyooka, na kwenye nyingine programu ya uandishi huibadili yenyewe kuwa iliyopinda. Machoni pa msomaji ni neno lilelile. Kwa otomata inayosoma baiti kwa mpangilio wa UTF-8, ritifaa iliyonyooka ni baiti 1, yenye thamani 27 kwa hesabu ya kumi na sita, na iliyopinda ni baiti 3: E2, 80, 99. Hali inafika 2 baada ya n na g, kisha inaanguka 0. Ng'ombe wote wa aina ya pili wanapita bila kuhesabiwa. Herufi kubwa ina mtego uleule: Kakakuona anayeanza sentensi si kakakuona wa katikati ya sentensi. Marekebisho hufanywa kabla ya kutafuta, kwa kuzigeuza ritifaa zote kuwa za aina moja na herufi zote kuwa ndogo, katika neno na katika matini pia.

Otomata si njia ya haraka kuliko zote kila wakati. Mwaka huohuo wa 1977 Robert Boyer na J Moore walichapisha njia inayolinganisha neno kuanzia mwisho wake, na ambayo mara nyingi huruka herufi kadhaa bila kuzisoma kabisa. Kwa matini ya kawaida na neno moja, mara nyingi njia yao hutangulia. Otomata inashinda pale ambapo herufi zinaingia moja moja na haziwezi kusubiri, na pale ambapo maneno yanayotafutwa ni mengi.

Hilo la maneno mengi lilishughulikiwa na Alfred Aho na Margaret Corasick wa Maabara za Bell mwaka 1975. Badala ya mstari mmoja wa hali, walijenga mti wenye matawi: kakakuona, kaka, kakao na kakasi wanatumia pamoja njia ya k, a, k, a, kisha wanaachana. Kila kituo cha mti huo kina namba yake ya kukwama, inayoelekeza kwenye mkia mrefu zaidi ambao ni mwanzo wa neno lolote kati ya hayo, hata kama neno hilo liko tawi jingine. Mti unajazwa ngazi kwa ngazi kutoka shinani, kwa sababu ileile iliyofanya x iwe nyuma ya j: anwani ya kituo daima iko ngazi ya juu yake, kwa hiyo imekwisha kujulikana. Programu ya kutafuta vitabu na makala iliyobadilishwa kutumia njia hiyo ilikwenda mara 5 hadi 10 haraka kuliko awali, na utafutaji ukatokea kwenye Yuniksi kwa amri `fgrep`.

Anayetaka kuijaribu otomata aliyojiandikia anaweza kuipa majaribio matatu. La kwanza ni kumtafuta kakakuona ndani ya kakakakuona, ambalo linaifichua programu inayosahau ilichokwisha kusoma. La pili ni kuhesabu kaka ndani ya kakakakaka, na jibu liwe 4. La tatu ni ng'ombe wawili katika sentensi moja, mmoja wa ritifaa iliyonyooka na mwingine wa iliyopinda. Programu ikimrudisha mmoja tu, jedwali liko sawa, na kinachohitaji kusafishwa ni matini.